Wasifu wa Chuoni na Wasifu wa Jaridani

Mhadhiri wa uhandisi wa umeme huhitaji wasifu wa aina mbili. Ule wa ukurasa wa watumishi wa chuo ni wa sentensi tatu hivi, na msomaji wake mara nyingi ni mwanafunzi anayetafuta msimamizi: "Ni mhadhiri mwandamizi. Anafundisha mifumo ya umeme. Anasimamia tafiti za umeme wa jua vijijini." Miaka ya shahada haina kazi kubwa hapo.

Makala yake ikikubaliwa na jarida la IEEE linalochapisha wasifu wa waandishi, mambo hubadilika. Kwa kawaida huandika aya tatu. Ya kwanza hutaja shahada, fani, chuo, mji, nchi na mwaka. Ya pili hueleza kazi alizofanya na mada anazotafiti. Ya tatu hutaja uanachama wa vyama vya kitaaluma na tuzo.

Kosa la kawaida ni kuunakili ule mfupi na kuubandika jaridani. Utalitambua ukisoma anachofundisha bila kuona alisomea wapi wala lini. Tena, wa chuoni hurekebishwa cheo kikipanda. Wa jaridani ukishachapishwa hubaki vilevile. Kwa hiyo andika "tangu 2021", usiandike "hivi karibuni".