Ulinzi wa Fungu la Mrithi Mwenye Ugonjwa Mkali wa Akili katika Mirathi Isiyo na Wosia nchini Kenya: Kutoka Uthibitisho wa Mahakama hadi Daftari la Ardhi

Ugonjwa wa akili, hata ukiwa mkali kiasi gani, haumwondolei mtu haki ya kurithi katika sheria za Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 38, inaeleza kwamba marehemu asiyeacha wosia wala mwenzi wa ndoa hurithiwa na watoto wake kwa mafungu sawa, na haimtengi mtoto mgonjwa. Anachozuiwa na kifungu cha 56 ni kuwa msimamizi wa mirathi, jambo lililo tofauti kabisa. Msimamo huu haupingani na ule wa Kiislamu unaofuatwa na familia nyingi za Pwani: mwendawazimu hupata fungu lake kamili, na kinachobadilika ni mkono unaolishika fungu hilo.

Makala haya yanauchunguza mkono huo. Hoja yake ni kwamba mrithi mgonjwa hupoteza mali mara chache wakati wa kugawa mafungu, kwa sababu hapo hakimu au jaji anatazama. Huipoteza zaidi baadaye, pale fungu linapotoka katika jalada la mahakama na kuingia katika daftari la ardhi na akaunti ya benki.

Ili hoja ifuatike, tuchukue mfano wa kubuni. Baba mjane amefariki bila wosia na kuacha watoto wanne: mwana wa kwanza, mwana wa pili mwenye skizofrenia ya miaka mingi asiyeweza kuendesha mambo yake, na mabinti wawili. Mali ni shamba la ekari 6, nyumba ya vyumba 8 vinavyopangishwa kwa shilingi 4,000 kila kimoja kwa mwezi, na shilingi 1,200,000 benki. Fungu la kila mtoto ni ekari 1.5, vyumba viwili na shilingi 300,000. Mwana wa kwanza anapendekeza fungu la mdogo wake liandikwe pamoja na lake, ekari 3 katika hati moja, “kwa kuwa mimi ndiye nitakayemtunza.”

Pendekezo hilo huweza kutolewa kwa nia njema kabisa, na ndiyo sababu ni gumu kulikataa mbele ya wazee. Kwa sheria, hata hivyo, linageuza jukumu la kutunza kuwa umiliki.

Dalili ya kwanza ya hatari huonekana mapema, katika nyaraka za maombi. Kifungu cha 51 kinamtaka mwombaji kuwataja watoto wote wa marehemu walio hai, na barua ya chifu huambatishwa ili kuthibitisha orodha hiyo. Mrithi mgonjwa akiachwa nje, barua za usimamizi zinaweza kufutwa chini ya kifungu cha 76 kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Familia nyingi kwa hiyo hazimfichi. Humtaja, kisha humletea karatasi ya ridhaa atie alama ya kidole gumba. Mtafiti anayepitia majalada aanzie hapo: ikiwa warithi wengine wote wametia saini na mmoja ana alama ya kidole tu ilhali alipata kusoma, swali la uwezo wake wa kuridhia linapaswa kuulizwa kabla ya jingine lolote. Ridhaa ya mtu asiyeelewa anachoridhia haina uzito, na hakuna ndugu anayeweza kuridhia kwa niaba yake bila kuteuliwa na mahakama.

Wakati nao una mpaka. Ikiwa fungu la sawa halimtoshi mgonjwa kwa kuwa hana kipato na atahitaji dawa maisha yake yote, anaweza kuombewa sehemu kubwa zaidi chini ya kifungu cha 26. Lakini kifungu cha 30 kinafunga mlango huo mara tu barua za usimamizi zinapothibitishwa. Uthibitisho wenyewe kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6 tangu barua zitolewe. Miezi hiyo ndiyo nafasi ya kumtafutia mgonjwa mwakilishi.

Uteuzi wa mwakilishi huyo hautokani na Sheria ya Urithi. Sheria hiyo imemwekea mtoto mdogo amana ya wazi katika kifungu cha 41. Kwa mtu mzima aliye mgonjwa haikuweka amana ya namna hiyo. Pengo hilo hujazwa na Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyotungwa mwaka 1989 na kurekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2022. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu pamoja na hati ya kiapo inayoeleza mali na ndugu wa mgonjwa, na nyaraka za matibabu yake. Jina la ugonjwa pekee halitoshi. Ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili yenye manufaa kwa jaji ni ile inayoeleza mgonjwa anaweza nini na hawezi nini: je, anatambua noti, anajua ana shamba, anaelewa kwamba kuuza ni kutokurudishiwa? Wapo wenye skizofrenia wanaoendesha biashara zao vizuri wakiwa kwenye dawa, na hao hawahitaji mlezi wa mali.

Yafaa pia kutenganisha ulezi wa mtu na ulezi wa mali. Anayempikia mgonjwa na kumpeleka kliniki si lazima awe ndiye anayeshika hati. Katika mfano wetu, dada anayeishi naye anaweza kuwa mlezi wa mtu, na mwingine akateuliwa kuwa mlezi wa mali. Mgawanyo huu una usumbufu wake, kwa kuwa dada atalazimika kuomba fedha za chakula kwa mwenziwe. Lakini unazaa jambo ambalo sheria peke yake haiwezi kulizaa, yaani mtu wa pili anayejua kinachoingia na kinachotoka.

Mamlaka ya mlezi wa mali yamewekewa mipaka. Bila ruhusa maalumu ya mahakama hawezi kuuza, kutoa zawadi, kubadilishana wala kuweka rehani ardhi ya mgonjwa, wala kuipangisha kwa zaidi ya miaka 5. Hawezi kuwekeza fedha katika kampuni au shughuli ambayo yeye mwenyewe ana maslahi nayo. Ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa lazima awasilishe orodha ya mali mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma, na baada ya hapo hesabu za kila mwaka.

Kwenye karatasi ulinzi huu ni imara. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi wa ardhi hasomi jalada la mahakama. Anasoma daftari la ardhi.

Hapa ndipo maneno ya hati ya uthibitisho yanapoamua hatima ya fungu. Yapo maandishi ya namna tatu. La kwanza ni jina la kaka peke yake, kwa maelewano ya mdomo kwamba nusu ni ya mdogo wake. Hapo mgonjwa hubaki na dai la amana, ambalo sheria ya ardhi inalitambua lakini ambalo atalazimika kulithibitisha kwa ushahidi miaka mingi baadaye, mashahidi wakiwa wamezeeka au wamekufa. La pili ni jina la mlezi likifuatwa na maneno “kama mdhamini.” Familia nyingi, na hata baadhi ya mawakili, huona kwamba hilo linatosha. Halitoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu maneno hayo kuandikwa, ila inamkataza Msajili kuingiza masharti ya amana yenyewe katika daftari, na inamlinda mnunuzi aliyetoa thamani kwa nia njema hata kama mdhamini amevunja amana. Mlezi asiye mwaminifu anaweza basi kuuza ekari 1.5 bila ruhusa, na mgonjwa akabaki na kesi dhidi ya mtu asiye na kitu.

Andiko la tatu ndilo linalofaa: ekari 1.5 zipimwe na kupewa hati yake, katika jina la mrithi mwenyewe kupitia mlezi wake au la mlezi kama mdhamini, na papo hapo zuio liandikwe katika daftari kwamba muamala wowote usisajiliwe bila amri ya Mahakama Kuu. Kifungu cha 76 cha sheria hiyo ya mwaka 2012 kinampa Msajili uwezo wa kuweka zuio ili kukinga udanganyifu. Ni bora zaidi jaji aliagize katika amri ileile ya uthibitisho, kwani likiachwa liombwe baadaye, mwenye kuliomba angekuwa ni mlezi yuleyule linayemfunga.

Vyumba viwili na fedha taslimu haviwezi kulindwa kwa zuio la ardhi peke yake. Hapo kinachobaki ni hesabu. Kodi ya vyumba viwili ni shilingi 96,000 kwa mwaka, na shilingi 300,000 ni mtaji. Hesabu safi huvitenganisha viwili hivi: matumizi ya kawaida hutoka kwenye kodi, na mtaji haupungui bila sababu iliyoandikwa. Tuseme hesabu ya mwaka wa kwanza inaonyesha shilingi 60,000 za “dawa na nauli ya kliniki,” shilingi 70,000 za “ukarabati,” na mtaji umeshuka kwa 34,000. Njia rahisi ya kuipima ni kuomba kadi ya kliniki. Ikiwa ina mihuri minne tu kwa mwaka mzima, nauli na dawa za miezi kumi na miwili zinahitaji maelezo. Ukarabati nao hupimwa kwa kuwauliza wapangaji. Ndugu yeyote anayetilia shaka hesabu anaweza kuomba mahakama imwite mlezi ahojiwe. Tatizo ni kwamba pasipo wa kuuliza, mwaka unaweza kupita bila hesabu kuwasilishwa na jalada likakaa kimya.

Madai ya ndugu kwamba “tumemtunza” hayapaswi kudharauliwa. Kumtunza mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili kunagharimu fedha na miaka ya maisha. Gharama hizo zinaweza kuidhinishwa zilipwe kutoka mapato ya mgonjwa, kwa kiwango kinachojulikana na kwa risiti. Zikigeuzwa kuwa sababu ya kuchukua ardhi, hakuna tena kipimo cha kuonyesha lini deni limekwisha.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa eneo hili hulipita haraka. Mgonjwa asiye na mke wala mtoto, ambaye wazazi wake wamekwisha kufa, hurithiwa na ndugu zake chini ya kifungu cha 39. Ndugu aliye mlezi wa mali kwa hiyo hufaidika si kwa kuiba tu, bali hata kwa kubana: kila shilingi asiyoitumia kwa dawa, godoro au chakula itarudi kwake na kwa wenzake. Hesabu ya mlezi wa namna hiyo itaonekana nadhifu kupita zote, mtaji umeongezeka na hakuna hitilafu. Mtahini wa hesabu hizo asiishie kwenye salio. Amwone mgonjwa mwenyewe, anavyovaa, anapolala, na kama sindano yake ya mwezi uliopita ilichomwa.