Mwambie ukweli kabla hajapanda daladala

Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani John Wanous alichapisha utafiti kuhusu wahudumu wapya wa simu. Waombaji walioonyeshwa kazi ilivyo, pamoja na uchovu wake, walianza na matarajio yaliyo karibu zaidi na hali halisi.

Tuseme duka la jumla Dar es Salaam linatafuta wapanga bidhaa. Ujumbe huu utumwe kabla ya usaili:

“Utashusha mizigo, utapanga rafu na kupiga deki. Utasimama karibu zamu nzima. Zamu ni saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, siku tano, Jumamosi ikiwemo. Mshahara ni wa kima cha chini cha sekta; nauli hatutoi. Baada ya miezi sita unaweza kufundishwa kazi ya keshia, ila nafasi ni chache. Ukiona haikufai, usijibu. Ikikufaa, andika NDIYO.”

Sheria ya Tanzania inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo ikiwa kuna ziada, itajwe pamoja na malipo yake. Kiini cha ujumbe ni sentensi ya keshia. Waajiri wengi hapo huandika “fursa ya kukua”, na mtu akigundua hakuna aliyewahi kupanda, anaondoka.

Ujumbe huu una mpaka wake. Asiye na pa kwenda atajibu NDIYO hata zamu ikimshinda. Watu wakiendelea kuacha kazi mwezi wa kwanza, mwajiri aangalie kwanza mshahara na zamu.