Alama 160 Mbili Zisizolingana

Tuseme kijana mmoja wa Dodoma amefanya GRE, mtihani ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani vimekuwa vikiutumia kuwapima waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Matokeo yanatoka: lugha 160, hesabu 160. Mwenyewe anafurahi, kwa sababu alama ya juu kabisa ni 170, na ukigawa 160 kwa 170 unapata asilimia 94. Halafu jicho linashuka kwenye namba ndogo iliyoandikwa pembeni ya kila alama. Kwenye lugha inazidi 80. Kwenye hesabu iko jirani na 50. Alama ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini namba ya pembeni inasema mambo mawili tofauti kabisa.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba hesabu wamefeli. Uamuzi huo hauna msingi, na ule wa asilimia 94 nao hauna. Ili kuona kwa nini, inabidi tuzifuate namba hizi mbili hadi zinakotoka.

Tuanze na ile 160. Tangu Septemba 2023, mtihani huu una maswali 27 ya lugha na 27 ya hesabu, yote kwenye kompyuta, na kila somo limegawanywa mara mbili: maswali 12 kwanza, kisha 15. Jibu sahihi linahesabiwa, jibu la makosa halikatwi kitu. Jumla ya majibu sahihi ndiyo alama ghafi. Mtahiniwa haonyeshwi alama ghafi kwenye matokeo yake, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Kompyuta ikishaona ulivyofanya katika maswali 12 ya mwanzo, inakuchagulia fungu la pili. Aliyefanya vizuri hupewa fungu gumu zaidi, aliyepata taabu hupewa jepesi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupata kila mmoja maswali 20 kati ya 27, mmoja akiwa amepambana na fungu gumu, mwenzake na jepesi. Kuwapa alama moja ingekuwa dhuluma. Zaidi ya hapo, mtihani hufanyika mwaka mzima, na maswali anayokutana nayo mtu wa Januari si yale ya mtu wa Juni. Hata watunzi wawe makini namna gani, toleo moja litakuwa gumu kidogo kuliko jingine.

Hapo ndipo alama ya skeli inapoingia. ETS, taasisi inayoendesha mtihani huu, huyajaribu maswali kwa watahiniwa kabla ya kuanza kuyahesabia alama, hivyo ugumu wa kila swali unajulikana mapema. Kwa kutumia ugumu huo, alama ghafi hubadilishwa kuwa namba kati ya 130 na 170. Aliyepata 20 katika fungu gumu atapata namba kubwa kuliko aliyepata 20 katika fungu jepesi. Mwisho wa hesabu hiyo, 160 ya Januari inatakiwa ibebe uwezo ule ule wa 160 ya Juni, awe amefanyia Kampala au Chicago.

Ndiyo maana kugawa 160 kwa 170 hakuna maana. Skeli haianzii sifuri. Inaanzia 130, na hizo 130 hupewa hata mtu ambaye karibu hakupata kitu. Wala 160 haisemi umejibu maswali mangapi sawasawa. Ni nafasi kwenye kipimo ambacho waandaaji walikiweka wenyewe. Kabla ya Agosti 2011 kipimo hicho kilikuwa cha 200 hadi 800, na kazi ilikuwa ile ile.

Sasa namba ya pembeni. Hiyo ni pasentaili, na kila aliyesoma shule za kwetu anaijua kwa sura nyingine. Ripoti ya muhula ilikuwa na alama za somo, na chini yake nafasi: wa 12 kati ya 60. Mzazi aliyeielewa ripoti aliangalia vyote viwili, maana kuwa wa 12 katika darasa lenye vipaji si sawa na kuwa wa 12 katika darasa dhaifu. Pasentaili inafanya kazi ya ile nafasi, ila inahesabu kutoka chini: kati ya kila watu 100, ni wangapi wamepata pungufu yako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua watahiniwa 1,000. Kama 520 kati yao wamepata chini ya 160, basi mwenye 160 yuko pasentaili ya 52. Labda wako wengine 40 waliopata 160 kama yeye. Hao hawaingii katika hesabu, kwani wanaohesabiwa ni waliopata chini yake tu. Kwa njia hii hakuna awezaye kufika 100. Na katika hesabu ya GRE, watu wanaopata 170 kamili ni wengi kiasi kwamba hata alama hiyo ya juu kabisa haifikishi mtu pasentaili ya 99. Inaishia tisini na kitu. Kwenye lugha, wanaopata 170 ni wachache sana, na 99 inapatikana.

Kwa hiyo 50 ya kijana wetu haimaanishi kwamba alikosa nusu ya maswali. Inamaanisha kwamba karibu nusu ya waliofanya mtihani walipata chini yake. Swali la muhimu ni nusu ya akina nani.

Kundi analolinganishwa nalo ni watu wote waliofanya GRE katika kipindi cha miaka mitatu iliyotangulia, duniani kote. Kundi hilo limebadilika sana. Wamo maelfu kwa maelfu ya wahitimu wa uhandisi na kompyuta kutoka India na China, watu waliolelewa na hesabu tangu utotoni na wanaoomba nafasi katika fani zinazodai hesabu. Wakiongezeka, ngazi ya katikati inapanda. Miaka ya mwanzo baada ya skeli mpya ya 2011, alama 160 ya hesabu ilikuwa jirani na pasentaili ya 80. Leo iko jirani na 50. Uwezo unaowakilishwa na 160 umebaki palepale. Kilichobadilika ni watu waliosimama pembeni. Kwenye lugha hakukuwa na wimbi kama hilo, na 160 imebaki juu ya 80 muda wote.

Hapa ndipo ninapowahurumia wanafunzi wanaopashana majedwali ya zamani kwenye simu. Majedwali hayo hurekebishwa kila mwaka, na matokeo hubaki halali kwa miaka mitano. Mtu aliyefanya mtihani miaka mitatu iliyopita akituma matokeo leo, alama yake ya skeli itakuwa ile ile, lakini pasentaili itakayosomwa na chuo ni ya sasa. Inaweza kuwa imeshuka bila yeye kukosea chochote. Anayelinganisha pasentaili yake na ya kaka yake aliyefanya zamani analinganisha mbio mbili zenye wakimbiaji tofauti. Kama ni lazima walinganishe, walinganishe alama za skeli.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata walimu. Hatua za pasentaili hazina urefu mmoja. Watahiniwa wengi wamesongamana katikati, kwa hiyo kusogea kidogo hapo kunakupitisha watu wengi. Katika lugha, kutoka alama 150 hadi 155 kunakupandisha takriban pointi 20 za pasentaili. Kutoka 165 hadi 170, ambako nako ni alama tano na pengine kunadai jasho zaidi, kunakuongezea pointi tatu au nne tu. Ndiyo maana kujumlisha pasentaili ya lugha na ya hesabu, kisha kugawa kwa mbili, kunatoa namba isiyosema chochote.

Na mtihani wowote una mtikisiko wake. Mtu yule yule, bila kujifunza kitu kipya, akikaa mara ya pili anaweza kupata 158 au 162, kwa sababu maswali ni mengine, au siku hiyo hakulala vizuri. Kwa GRE kosa la kipimo ni kama alama mbili hivi kila upande. Alama mbili zinaonekana kitu kidogo. Lakini kwenye hesabu, pale katikati palipojaa watu, kutoka 158 hadi 162 ni zaidi ya pointi 10 za pasentaili. Chuo kinachomkataa mwenye 158 na kumchukua mwenye 160 kwa sababu ya tofauti hiyo peke yake kinapima upepo, na ETS wenyewe wanavishauri vyuo visiweke mstari mmoja wa kukata kwa alama hizi.

Turudi kwenye swali la akina nani, maana kijana wetu bado hajajua afanye nini. Haombi nafasi dhidi ya dunia nzima. Anaomba idara fulani. ETS huchapisha pia majedwali yanayowagawa watahiniwa kulingana na fani wanazotaka kusoma, na humo wastani wa hesabu wa wanaoelekea uhandisi uko juu ya ule wa sayansi ya jamii kwa alama kadhaa. Akiwa anaomba sosholojia, 160 yake ya hesabu iko juu ya wastani wa anaoshindana nao, na 160 ya lugha ni nzuri vilevile. Akiwa anaomba uhandisi wa umeme, lugha yake itawapita wengi, lakini kwenye hesabu atakuwa katikati ya kundi, na chuo chenye waombaji wakali kitaliona hilo.

Kwa mwombaji wa sosholojia, kulipa tena zaidi ya dola 200 ili kutoka 160 hadi 162 ni kununua mabadiliko ambayo mtikisiko wa mtihani peke yake ungeweza kuyaleta au kuyaondoa. Heri pesa hiyo na muda huo viende kwenye barua ya maombi. Kwa mwombaji wa uhandisi, kurudia kuna maana ikiwa tu mazoezi yake ya saa kamili, si maswali ya mojamoja, yanamwonyesha akifika 165 au zaidi mara kwa mara. Kanuni zinamruhusu kukaa tena baada ya siku 21, na hadi mara tano ndani ya miezi 12. Kabla ya kujisajili, afungue tovuti ya idara anayoiomba aone kama bado wanaitaka GRE, kwa sababu idara nyingi zimeacha kuidai, na kama zimetaja wastani wa alama za waliowapokea mwaka uliopita. Namba hiyo ya idara itamsaidia kuliko pasentaili iliyochapwa kwenye matokeo yake.