Barua kwa kijana aliyeulizia nota za "Masanga"

Mwanangu,

Juzi ulikuja dukani kuulizia karatasi yenye nota za "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda. Nota hizo zipo. Mtafiti David Rycroft aliuandika upigaji wa Bosco mwanzoni mwa miaka ya 1960, tena kwa uangalifu mkubwa. Lakini nilikushauri ununue nyuzi, urudi nyumbani na kusikiliza. Uliondoka umenuna, kwa hiyo nakuandikia.

Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, nchini Kongo. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu: gumba kwenye besi, kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Muziki unazunguka, na katika kuzunguka huko Bosco alipenda kubadilisha mambo madogo madogo. Ukikariri karatasi utaupata upigaji wa siku ile moja. Ukitumia sikio, utatambua kipi hakiondoki na kipi anakichezea.

Anza hivi. Kwanza tyuni gita lako lifuate rekodi, maana santuri za zamani huweza kuwa juu au chini kidogo ya gita, na ukilisahau hilo utadhani kila unachopiga ni kosa. Kisha weka gita chini. Sikiliza kipande kifupi, sekunde nne au tano, ukiimbe kwa mdomo mpaka kikae. Usichoweza kuimba bado hujakisikia. Hapo vidole vitakuwa vinabahatisha tu.

Ukisharidhika, tafuta besi peke yake. Gumba ndilo linalokuonyesha kodi inabadilika wapi. Nyuzi nyembamba ziache kwanza, hata kama ndizo zinazokuvutia.

Hapa ndipo vijana wengi hukwama, hata katika nyimbo nyingine. Kodi ya C ina sauti za C, E na G; ya A ndogo ina A, C na E. Sauti mbili kati ya tatu ni zilezile, kwa hiyo ukipiga moja mahali pa nyingine, sikio linaweza kukubali kwa muda. Imba besi, uipige kwenye uzi mnene, halafu ujaribu kodi zote mbili juu yake. Besi ikiwa A, kodi ya C itasikika kama imekosa mguu. Ikiwa C bado usiamue haraka, kwa kuwa sauti hiyo imo katika zote mbili. Sikiliza kama juu kuna G au A.

Simu yako inaweza kupunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti. Itumie, mimi si mzee wa kukataa hayo. Nota nazo zina kazi yake: kwaya ikiwa na sauti nne na wiki moja ya mazoezi, nitakuuzia kitabu bila ubishi.

Ukiipata besi ya mzunguko wa kwanza, njoo na gita. Ile karatasi tutaisoma pamoja, tuone Rycroft alisikia nini ambacho wewe hukukisikia.