Duka la Baba Katika Barua Pepe ya Kuomba Kazi

Tangazo la kazi linasema: Karani wa Ghala, nafasi moja, elimu ya kidato cha nne au zaidi, ajue kutumia kompyuta, uzoefu usiopungua mwaka mmoja. Maombi yatumwe kwa barua pepe. Binti wa miaka 23 aliyekulia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba yake analisoma, anafika kwenye neno "uzoefu" na kukata tamaa. Hajawahi kuajiriwa. Hana barua ya ajira wala hati ya mshahara. Alichonacho ni miaka mitatu ya stoo ya nyumbani na miaka miwili ya kujitolea. Basi anaandika kile ambacho vijana wengi huandika: yeye ni mchapakazi, mwaminifu, anajifunza haraka na yuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote.

Barua ya namna hiyo haimsaidii, kwa sababu aliyebaki kijiweni mwaka mzima anaweza kuiandika neno kwa neno. Uzoefu wa binti huyu ni wa kweli na unalingana kabisa na kazi inayotangazwa. Tatizo ni kwamba msomaji wa barua ana shaka moja kubwa juu ya biashara ya familia, na barua isipoijibu, miaka yote mitatu inahesabika kuwa sifuri.

Shaka yenyewe ni hii: nani alikukagua? Mwajiri anajua kwamba dukani kwa baba mtoto akichelewa hafukuzwi, hesabu ikipungua mambo huishia mezani wakati wa chakula, na baba akipigiwa simu atamsifia mwanawe. Hadharau duka. Anachokosa ni mtu wa nje wa kuthibitisha kwamba kazi ilifanyika na ilifanyika sawasawa. Hapo ndipo kujitolea kunapoingia, na wengi hawaoni jinsi mambo haya mawili yanavyokamilishana. Duka limempa binti wingi wa kazi, mali halisi na fedha za kutunza. Kujitolea kumempa msimamizi asiye ndugu yake, zamu yenye saa maalumu na fomu ambazo mtu mwingine alizipitia. Barua nzuri huviweka vyote viwili karibu karibu, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake.

Kwanza tuondoe yaliyozidi. Tulifundishwa shuleni barua rasmi yenye anwani mbili, tarehe, "Yah:", na mwanzo wa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Muundo huo ni wa karatasi. Kwenye barua pepe, anwani na tarehe tayari vipo, na kichwa kina sehemu yake. Anayepokea maombi mengi husoma kichwa na mistari miwili mitatu ya kwanza, mara nyingi kwenye simu. Mistari hiyo ikiisha kwa salamu na kutaja umri na utaifa, hajaona bado kwa nini aendelee. Tangazo likisema wazi kwamba wanataka barua iliyosainiwa, ambatisha hiyo barua, lakini mwili wa barua pepe ubaki mfupi. Na lugha iwe ile ya tangazo: likitangazwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza.

Huu hapa mfano wa barua ya binti wetu, akiwa Morogoro. Kichwa chake ni "Maombi ya kazi: Karani wa Ghala, Morogoro", kikifuatiwa na jina lake.

> Habari za kazi,
>
> Naomba nafasi ya Karani wa Ghala mliyoitangaza tarehe 3 Machi. Kwa miaka mitatu nimesimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la familia yetu, Kihonda, na kwa miaka miwili nimejitolea katika tawi la Msalaba Mwekundu, upande wa usajili wa wachangiaji damu.
>
> Dukani nilipokea mizigo ya saruji, nondo, mabati na rangi, nikihesabu kila mzigo na kuulinganisha na hati yake kabla ya kusaini. Stoo ina aina zipatazo 140 za bidhaa. Nilianzisha hesabu ya kila mwisho wa mwezi na kuiingiza kwenye Excel. Hesabu ya pili ilionyesha kwamba misumari inapungua kwa kilo 6 hivi kwa mwezi. Tulifuatilia tukagundua kwamba mizani ya kaunta inakosea. Ikarekebishwa na kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na pengo likaisha.
>
> Kwenye uchangiaji damu nilikaa meza ya usajili. Nilijaza taarifa za kila mchangiaji, na jioni nilihakikisha idadi ya fomu inalingana na idadi ya chupa kabla mratibu hajasaini. Siku yenye watu wengi zaidi tulisajili wachangiaji 86.
>
> Kazi ya stoo dukani sasa ameipokea mdogo wangu, hivyo ninaweza kuanza mara mtakaponihitaji. Nimeambatisha wasifu na vyeti katika faili moja. Mratibu wa tawi na ofisa mauzo wa kampuni inayotuletea saruji wamekubali kupigiwa simu. Namba zao zimo kwenye wasifu.
>
> Natanguliza shukrani.

Chini yake anaweka jina kamili na namba ya simu inayopatikana. Barua nzima inasomeka kwa muda wa dakika moja hivi.

Angalia kwanza kwamba neno "familia yetu" limetajwa mapema, bila kufichwa. Vijana wengi hulikwepa. Huandika jina la duka kana kwamba ni kampuni ya watu wengine, au hujipa cheo cha Meneja wa Uendeshaji katika duka la watu watatu. Mficho huo hudumu mpaka swali la kwanza la usaili, pale jina la ukoo la mwombaji linapofanana na jina la duka. Baada ya hapo hata yale ya kweli hayaaminiki tena. "Nimesimamia stoo ya duka la familia" ni kauli ndogo, lakini haina kitu cha kubomolewa.

Kisha kuna habari ya misumari, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua yote. Ina upungufu uliopimwa, njia iliyougundua, chanzo chake, na mamlaka ya nje iliyothibitisha marekebisho. Mwajiri wa ghala anaujua upungufu wa aina hiyo. Ndio unaomnyima usingizi. Akisoma mistari ile mitatu anajua kwamba huyu amewahi kuhesabu kweli, maana asiyewahi kuhesabu stoo hawezi kujua kwamba bidhaa za kupima kwa kilo ndizo zinazovuja polepole, wakati mabati na mifuko ya saruji huonekana haraka zikikosekana. Wala binti hajasema popote kwamba yeye ni mwaminifu. Ameonyesha kwamba aliona mali inapotea, akatoa taarifa.

Kila aliyekulia dukani ana habari ya namna hii, ila hukaa kwenye madaftari na si kichwani. Fungua daftari la mauzo na lile la madeni, chagua miezi mitatu, kisha hesabu: mizigo mingapi ilipokelewa, aina ngapi za bidhaa zilikuwepo, mafundi wangapi walichukua vifaa kwa mali kauli na wangapi walimaliza kulipa. Anayetoa risiti za EFD ana kumbukumbu nzuri zaidi, kwa kuwa kila risiti ina tarehe na kiasi. Usiandike tarakimu ambayo huwezi kueleza ulivyoipata, swali la "mlijuaje kuwa ni kilo 6?" litakuja, na jibu linatakiwa liwe ni salio la kitabuni ukitoa kilichokutwa stoo. Lakini mauzo ya duka kwa shilingi ni siri ya mzee. Muulize kabla ya kuyataja, au tumia idadi ya bidhaa na mizigo kama binti alivyofanya.

Aya ya kujitolea mara nyingi huharibika kwa sababu nyingine. Mwombaji hueleza wema wa taasisi, jinsi damu inavyookoa maisha, akasahau kusema yeye alikuwa anafanya nini. Katika mfano wetu, kinachomhusu karani wa ghala ni kule kulinganisha fomu na chupa, kwa sababu ni kazi ileile ya kulinganisha hati na mzigo. Angekuwa anaomba kazi ya mapokezi, angeeleza jinsi alivyowapokea watu 86 kwa foleni moja, na jinsi alivyomweleza kwa upole mtu asiyefikisha kilo 50 kwamba siku hiyo hawezi kuchangia. Shughuli ni moja, ila sehemu inayotajwa hubadilika kufuata kazi inayoombwa. Mwenye genge, mgahawa wa mama au shamba la bustani afanye vivyo hivyo: asome majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, achague mawili anayoyafanya tayari nyumbani, na ayaeleze hayo tu.

Sentensi ya mdogo wake inaonekana ya kawaida, kumbe inajibu hofu ambayo mwajiri hataisema: huyu msimu wa ujenzi ukipamba moto si ataitwa nyumbani? Kama kweli kuna mtu aliyeshika nafasi yako, sema. Kama hayupo, usimtunge. Zungumza na wazazi kwanza ujue utaachiwa au hutaachiwa.

Kuhusu wadhamini, baba asiwekwe, hata kama ndiye anayeijua kazi yako kuliko wote. Muuzaji wa jumla aliyekuona ukikataa kusaini mzigo pungufu, fundi mkuu aliyenunua kwako miaka miwili, mratibu wa tawi: hao ni watu ambao neno lao halitokani na undugu. Mratibu anaweza pia kukupa barua fupi inayotaja tarehe ulizojitolea na kazi uliyopewa. Iombe ukiwa bado upo, kwa sababu waratibu huhama na kumbukumbu huhama nao.

Njia hii ina mipaka yake. Maombi ya utumishi wa umma nchini Tanzania yanayopitia Sekretarieti ya Ajira hutumwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni, kwa masharti yao, na barua pepe haihesabiki. Pia tangazo linalodai cheti maalumu, kama leseni ya udereva ya daraja fulani, halijibiwi kwa habari za dukani. Lakini pale panapoandikwa "uzoefu wa mwaka mmoja" bila kutaja uzoefu wa wapi, miaka mitatu ya stoo ya familia ni uzoefu, na una haki ya kuiandika.

Kabla ya kuituma, itume kwako mwenyewe na uifungue kwenye simu. Vyeti viwe vimeskaniwa vikasomeka, si picha kumi zilizopigwa kitandani. Viunganishe na wasifu katika PDF moja yenye jina lako, isizidi megabaiti chache. Na wapigie wadhamini wako siku hiyohiyo uwaambie ni kampuni gani itakayowatafuta na ni kazi gani umeomba.