Alama hazipandi? Barua ya mwalimu yaonyesha cha kufanya na maswali uliyokosa

Majaribio matatu ya Hisabati, matokeo ni yale yale: 17, 19, kisha 18 kati ya maswali 40. Mwanafunzi wa darasa la saba akamwandikia mwalimu wake wa tuisheni kuwa ameamua kuacha kufanya majaribio, maana "kila nikifanya najua tu kwamba sijui".

Mwalimu alijibu kwa barua ya kurasa mbili. Hakumpa pole nyingi. Alimuuliza swali moja: "Mwanangu, ukishasahihishiwa karatasi unaifanyia nini?"

Jibu ni lile ambalo wanafunzi wengi wangelitoa. Anaangalia alama, anaangalia herufi sahihi, anafungua jaribio jingine. Kwa maelezo ya mwalimu, shida iko hapo.

Kosa lina anwani

Katika mtihani wa kuchagua, majibu yasiyo sahihi hayawekwi hovyo. Mtunzi mzuri anakaa na kujiuliza mwanafunzi anaweza kukosea wapi, halafu anaweka jibu ambalo kosa hilo litamfikisha. Kwa hiyo herufi uliyochagua inaeleza ulipita njia gani.

Mwalimu alichukua swali moja ambalo mwanafunzi wake alilikosa:

30 − 6 + 12 ÷ 3 = ?

A. 12  B. 20  C. 24  D. 28  E. 32

Jibu sahihi ni D. Unagawanya kwanza, 12 ÷ 3 ni 4. Inabaki 30 − 6 + 4. Unatoka kushoto kwenda kulia: 24, kisha 28.

Sasa angalia wanaokosa. Anayechagua A amekokotoa kila kitu kutoka kushoto bila kujali kugawanya, akapata 36 ÷ 3. Anayechagua C amejumlisha 6 na 12 kwanza kana kwamba kuna mabano. Anayechagua E amebadilisha alama za kutoa na kujumlisha.

Mwanafunzi huyu alichagua B. Aligawanya vizuri akapata 4, kisha akajumlisha 6 na 4 kupata 10, akatoa 10 kwenye 30.

Kwa nini? Kwa sababu alikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwenye neno hilo "ju" imetangulia "to", basi akaamini lazima kujumlisha kuanze. Kumbe kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanza na kilicho kushoto. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo.

"Hukukosa kwa sababu hujui kanuni," mwalimu aliandika. "Umekosa kwa sababu unaijua kwa namna isiyo sawa, na unaifuata kwa uaminifu kabisa. Ungefanya majaribio 20 zaidi, ungekosa mara 20."

Weka alama kabla ya kusahihishiwa

Tatizo la karatasi iliyosahihishwa ni kwamba makosa yote yanafanana. Mkasi ni mkasi. Ili kuyatenganisha, mwalimu alimtaka arudie jaribio jipya na kuweka alama ndogo pembeni ya kila swali wakati anajibu: nukta kama ana uhakika, mstari kama amebaki kati ya majibu mawili, kiulizo kama amebahatisha.

Matokeo yalikuwa 18 tena. Lakini safari hii 18 ilisomeka.

Katika maswali 22 aliyokosa, 7 yalikuwa na nukta, 6 yalikuwa na mstari, na 9 yalikuwa na kiulizo. Na katika 18 aliyopata, 3 yalikuwa ya kubahatisha. Hiyo si ajabu: swali likiwa na majibu matano, anayebahatisha hupata wastani wa moja kati ya matano, na yeye alibahatisha 12. Kwa hiyo anachokijua kweli ni maswali 15, na yale 3 ya bahati nayo yanatakiwa kupitiwa kama yamekosewa.

Mwalimu alimwambia aanze na yale 7 ya nukta. Hayo ndiyo aliyokosa akiwa na uhakika, na matatu kati yake yalitoka kwenye kosa moja tu la MAGAZIJUTO. Kurekebisha imani moja kunaweza kurudisha alama tatu.

Utafiti unamuunga mkono. Mwaka 2001, Brady Butterfield na Janet Metcalfe wa Marekani walionyesha kuwa makosa ambayo mtu aliyafanya kwa uhakika mkubwa ndiyo hurekebishika kirahisi zaidi akipewa jibu sahihi. Lakini asipopewa, kuna hatari. Mwaka 2005, Henry Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha kuwa mtu anaweza kutoka kwenye mtihani wa kuchagua akiwa amejifunza lile jibu la uongo alilolichagua. Yaani, jaribio lisilopitiwa linaweza kukuachia kosa jipya kichwani.

Hatua nne za barua

Kwanza, funika majibu yote matano na ukokotoe swali upya kwenye karatasi tupu, kabla hujaangalia herufi sahihi. Ukilipata sasa, basi lilikuwa kosa la haraka au la kusoma vibaya. Usipolipata, hilo ni pengo.

Pili, andika sentensi moja kwenye daftari la makosa, yenye pande mbili. Mfano: "Nilidhani kujumlisha kunatangulia kutoa, kumbe naanza na kilicho kushoto." Kuandika "nilikosea hesabu" hakusaidii, maana hakuelezi kitu cha kubadilisha.

Tatu, tunga swali la aina ile ile kwa namba nyingine. Mwalimu alitoa hili: 50 − 10 + 20 ÷ 5. Ukipata 44 umeelewa. Ukipata 36, kosa la zamani bado lipo.

Nne, rudia swali kama hilo baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kwa namba mpya kila mara. Kurudia karatasi ile ile kunadanganya: alama zinapanda kwa sababu umekumbuka kuwa swali la 7 ni D.

Kazi hii inakula muda, hivyo mwalimu alishauri jaribio moja kwa wiki badala ya matatu, na siku zinazobaki ziwe za kupitia.

Daftari lisipotosha

Njia hii ina mpaka wake. Kati ya viulizo 9 alivyokosa mwanafunzi huyu, 5 vilikuwa vya mada moja: asilimia. Hapo hakuna kosa la kuchambua, kuna mada ambayo haijaingia. Kuandika sentensi tano kwenye daftari hakutamfundisha asilimia. Anatakiwa kurudi kwenye kitabu au kwa mwalimu, aanze mwanzo, kisha ndiyo arudi kwenye maswali.

Na kama maswali uliyokosa yamerundikana mwishoni mwa karatasi, angalia saa kabla ya kulaumu akili. Huenda ulitumia dakika nyingi kwenye maswali magumu ya katikati.

Mwalimu alimaliza kwa agizo: "Jumamosi usije na jaribio jipya. Njoo na yale saba ya nukta, kila moja na sentensi yake. Alama tutaziangalia baadaye."