Sigara Ikizimwa, Dozi Inapanda

Tumfikirie mwanamume wa Tanga mwenye ugonjwa wa skizofrenia. Kwa miaka mingi amekuwa akivuta pakiti moja ya sigara kwa siku, na hali yake imetulia kwa miligramu 400 za klozapini: 100 asubuhi na 300 usiku. Mwaka huu amenuia kuacha sigara mwezi wa Ramadhani, na ameacha kweli. Siku ya sita mkewe anamwamsha kula daku, haamki. Mto umelowa mate. Anapoinuka anapepesuka, anashika ukuta, na ulimi ni mzito. Mke anahesabu vidonge: hakuna kilichozidi. Ametumia dozi ileile aliyoandikiwa.

Dozi haikubadilika. Kilichobadilika ni ini lake.

Klozapini huvunjwavunjwa kwenye ini, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Jani la tumbaku linapoungua, moshi wake hubeba kemikali za masizi ambazo zikifika kwenye ini huliamuru litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi. Kwa hiyo mvutaji huiondoa dawa mwilini upesi kuliko asiyevuta, na daktari, kwa kumpandishia dozi kidogo kidogo mpaka atulie, huwa amempimia dawa pamoja na moshi wake hata kama hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Wengi hudhani mhusika ni nikotini. Siye. Ndiyo maana bandiko au bazoka ya nikotini, ingawa humpunguzia mtu hamu ya sigara, hailindi kiwango cha dawa kisipande. Ugoro nao hauungui, kwa hiyo aliyehama kutoka sigara kwenda ugoro ni sawa na aliyeacha kwa upande wa klozapini, japo tumbaku bado anayo. Moshi wa bangi, kinyume chake, huliamsha ini kama wa sigara.

Sigara zipatazo kumi kwa siku zinatosha kulifanya ini lifikie karibu upeo wa kazi hiyo. Anayepunguza kutoka ishirini hadi kumi na mbili huenda asione tofauti yoyote. Hatari huja anaposhuka chini ya hapo au kuacha kabisa. Moshi ukikatika, kimeng'enya cha ziada hupungua kwa karibu nusu kila baada ya siku mbili, na kwa wiki moja hivi ini huwa limerudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Kiwango cha klozapini kwenye damu hupanda kwa nusu au zaidi, na wapo ambao huongezeka maradufu.

Turudi Tanga. Tuseme kabla ya kuacha damu yake ilikuwa na miligramu 0.42 kwa lita, kiwango kizuri. Ongeza nusu: 0.63. Kuanzia kama 0.6 hatari ya degedege huongezeka. Usingizi mzito, mate, kizunguzungu na kuchanganyikiwa ni dalili za njiani, na choo kufunga kusidharauliwe, maana kwa klozapini utumbo unaweza kusimama na kuua.

Laiti angemwambia daktari kabla, wangeweza kupima kiwango cha dawa, kisha kushusha miligramu 25 kila baada ya siku mbili tangu siku ya kwanza bila sigara, mpaka 300 ndani ya wiki, na kupima tena. Kipimo hicho huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kisichanganywe na kile cha chembe nyeupe ambacho kila anayetumia klozapini hufanyiwa. Hicho hakisemi lolote kuhusu wingi wa dawa. Pale ambapo maabara haipimi klozapini, macho ya mke yule ndiyo kipimo, na daktari ashushe kwa kufuata dalili.

Mgonjwa asijikatie dozi mwenyewe. Akiikosa klozapini kwa zaidi ya saa 48, huanzishwa upya kwa miligramu 12.5, na ugonjwa unaweza kurudi kabla hajafika alikokuwa.

Wenye pumu na mapafu sugu wanaotumia theofilini, au ndugu yake aminofilini, njia yao ni hiyohiyo. Dozi hupunguzwa kwa robo hadi theluthi ndani ya wiki ya kwanza ya kuacha. Huko dalili ni kichefuchefu, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, kisha degedege.

Sasa Idi imepita, na rafiki amempa sigara barazani. Akirudia pakiti yake, ini litaamka tena, na zile 300 hazitamtosha: sauti alizozisahau zinaweza kuanza kusikika baada ya wiki chache. Hilo nalo daktari aambiwe siku ileile, bila kuona haya.